Kondoo wa Upande wa Kushoto

Baba mkwe wangu Kornelio alinigonga mara ya kwanza mbele ya kihenge cha nafaka ya wimbi, mchana kweupe, nikiwa na mtungi wa maji kichwani. Mtungi ulivunjika. Hilo halikuwa neno, mitungi huvunjika. Neno lilikuwa kwamba bega lake liligusa bega langu.

Kwetu Wakurya mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, na mzee haingii kabisa nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wakikutana njiani, mkamwana anatoka pembeni, anageuza uso, ananyamaza kama gogo mpaka mzee apite. Hiyo ndiyo soni. Ikivunjika haiungwi kwa kusema pole. Inaungwa kwa kondoo. Mzee aliyevunja anatoa kondoo, wazee wenzake wanakuja kumla, na mambo yanakuwa safi.

Basi kondoo alichinjwa. Wazee walikuja, wakala, wakapangusa midomo, wakasema ni bahati mbaya.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, huko juu ya Nyamisangura, nami nilikuwa nimeolewa karibuni kutoka kwetu Ringwani. Mume wangu Stanslaus alikuwa mtoto wa kwanza wa Kornelio. Ng'ombe walionitoa kwetu walikuwa hawajapumzika vizuri zizini kwa baba yangu kabla kaka yangu hajawachukua kuolea mke wake. Ukijua hilo umejua kwa nini mimi sikuwa na pa kurudi.

Wiki chache kabla ya mtungi kuvunjika, Kornelio alikuwa shambani akipalilia. Akashika kisogo, akasema kichwa kinampasuka, akatapika, akaenda kulala. Alipoamka mdomo haukupinda, mkono haukulegea, miguu ilikwenda kama kawaida. Alilalamikia kitu kimoja tu.

"Jicho la kushoto limeingia ukungu," alimwambia mkewe.

Mama mkwe wangu, Efrazia, alimwita mtu wa dawa. Akakamua majani, akadondosha maji yake katika jicho la kushoto. Likavimba, likawa jekundu kama nyanya.

"Afadhali zamani," Efrazia akasema. "Sasa haoni na analia."

Toka hapo mzee akawa mtu wa kugonga. Aligonga mwimo wa mlango. Aligonga fahali aliyelala, fahali akasimama na kumtazama kwa mshangao. Alikanyaga kuku. Kanisani, alikokuwa akiwasomea watu sala Jumapili padri asipokuja, alianza kusoma mistari kutoka katikati, maneno hayana kichwa, na watu wakaitika amina kwa mashaka. Watu waliompita wakamwamkia shikamoo ya kimya, ya kuinamisha kichwa, hawakujibiwa. Wakasema Kornelio amekuwa na maringo tangu amwoze mwanawe.

Kisha akanigonga tena. Nilimwona anakuja kwenye kijia cha kwenda zizini. Nikafanya alivyonifundisha mama yangu: nikatoka pembeni, nikageuza uso, nikanyamaza. Nilisimama pale kwa adabu zote, na mzee akanijia moja kwa moja kama mtu anayeingia kwake.

Kondoo wa pili.

Aliponigonga mara ya tatu, mdogo wake Kornelio, Nashoni, alikuwa amekwisha kuketi uani tangu asubuhi, kana kwamba amesikia harufu mapema. Nashoni alikuwa Msabato. Hakunywa pombe, hakunywa kahawa, hakula nguruwe wala kambale. Kondoo lakini hakumkosea heshima hata siku moja.

Safari hii wazee walikula bila kusema ni bahati mbaya. Walipomaliza walikaa wakichokoa meno. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, na ukuta ule ulikuwa na tundu zuri.

"Mtungi wa kwanza, sawa," Nashoni alisema. "Lakini mtu agonge mkamwana yule yule kila mara? Wake wengine wapo hapa. Kuku wapo. Kwa nini yeye?"

"Kuku nawagonga pia," Kornelio alisema.

"Kuku hana soni, kaka."

"Mnasema nafanya makusudi?"

"Hakuna aliyesema. Tunasema labda huyu binti amekuja na jambo kutoka kwao. Kabla yake ulikuwa unaona."

Mzee mmoja akakohoa, mwingine akatazama mfupa wake. Halafu likatoka neno: soni ikivunjika mara moja tena, mkamwana arudishwe Ringwani. Padri alipopewa habari alisema kugongana si dhambi. Wazee wakamjibu kwamba hawakusema ni dhambi. Dhambi angeishughulikia yeye.

Stanslaus alikuja ndani, akakaa kitandani. Nikamwuliza, "Unataka niende?"

"Hapana."

"Uliwaambia?"

"Wao ni wazee."

Niliolewa na mtu wa maneno mengi hivyo.

Aliyenisaidia ni Efrazia, na hakunisaidia kwa huruma. Alikuwa amechoka kutoa kondoo. Jioni hiyo alipokuwa akimkanda mumewe kwa maji ya moto aliangalia michubuko yake. Bega la kushoto. Goti la kushoto. Nundu, kushoto ya paji. Mguu wa kulia ulikuwa mzima kama wa kijana.

"Kama ni uchawi," akasema, "mchawi ana mkono mmoja."

Kesho yake alimpandisha lori la Mhindi lililokuwa likiteremka kuelekea ziwani, wakaenda hospitali ya wamisionari. Yote yaliyotokea huko nayajua kwa kinywa chake, na kinywa chake hakikuwa kichoyo.

Daktari Mzungu alikaa mbele ya Kornelio, magoti kwa magoti. Akamziba jicho la kulia kwa kiganja. "Tazama pua yangu, usiondoe macho. Ukiona vidole vyangu vinachezacheza, sema." Akaleta vidole kutoka kulia, mzee akasema viko. Akaleta kutoka kushoto, vidole vikacheza, vikacheza, vikafika katikati ya uso, ndipo mzee akasema vimetoka wapi. Kisha daktari akaziba jicho la kushoto, hilo hilo lililotiwa dawa, akafanya tena kwa jicho la kulia. Mambo yakawa yale yale. Jicho lililokuwa zima nalo halikuona kushoto.

"Macho yako hayana kosa," daktari alisema, na nesi mmoja Mjaluo, jina lake Dorka, akaeleza vizuri zaidi kwa sababu Kiswahili cha daktari kilikuwa kinachechemea. "Macho yanaokota tu, mzee. Kuona kwenyewe kunafanyika ndani, huku nyuma, kwenye kisogo. Siku ile kichwa kilipokuuma, mshipa wa damu uliziba, sehemu ya ubongo upande wa kulia ikafa. Hiyo ndiyo iliyokuwa inaona kushoto kwa macho yote mawili. Ni kiharusi."

"Kiharusi kinapoozesha mtu."

"Kimepoozesha kuona."

"Lakini sioni giza huko kushoto."

"Unaona nini nyuma ya kisogo chako sasa hivi?" Dorka akauliza.

Mzee akafikiri. "Hakuna kitu."

"Ni giza?"

"Si giza. Hakuna."

"Basi na kushoto ni hivyo. Hakuna pazia. Ndiyo maana hujui kwamba huoni, mpaka kitu kikugonge."

Kornelio akauliza kama kutarudi. Daktari alisema kidogo huenda kukarudi miezi ya mwanzo, huenda kusirudi, na asikae kungoja. Akampima presha ya damu, akaikuta imepanda, akamkataza chumvi nyingi. Walimweka hospitali kwa muda, na kila siku Dorka alimfundisha.

Alimfundisha kutupa macho. Mtu aliyepoteza upande, alisema, anavuta macho kwenda upande unaoona, anaanza kutafuta kulia, anakwenda kushoto kwa hatua ndogo ndogo za woga, hafiki. "Usichungulie. Tupa. Geuza na kichwa, tupa macho mbali kushoto kabisa, mpaka upite kitu unachotafuta, halafu rudi taratibu kuja kulia. Kwanza kushoto, ndipo uende." Kabla ya kupita mlango, kushoto kwanza. Kabla ya kuondoka kitini, kushoto kwanza. Kwenye kitabu chake cha sala alimwekea utepe mwekundu ukingoni kushoto, kutoka juu mpaka chini. "Kama huoni nyekundu, hujafika mwanzo wa mstari. Endelea kugeuka."

Na kwa Efrazia alisema, "Mama, ukitembea naye kwenye watu wengi kaa kushoto kwake. Vigoda na majembe yasitupwe njiani. Anayemjia aje kutoka kulia, au atoe sauti."

"Mkamwana hawezi kumsemesha," Efrazia alisema.

"Hata kumwambia anapita?"

"Wewe mwanangu, si Mjaluo? Kwenu hakuna wakwe?"

"Wapo," Dorka akasema. "Tunawakimbia."

Walirudi, na uani kwetu kukaanza shule. Efrazia alipaka miimo ya kushoto ya milango yote chokaa nyeupe, mzee aitafute kwa macho kabla ya kuingia. Alichukua ungo, akafunga kitambaa chekundu ukingo wa kushoto, akamwaga wimbi, akachanganya punje za mahindi. Kazi ya mzee ilikuwa kuokota mahindi yote, akianzia kwenye nyekundu. Siku za mwanzo nusu ya kulia ya ungo ilibaki safi kabisa, na nusu ya kushoto ilijaa mahindi. Mzee akasimama na kujipangusa mikono.

"Nimemaliza."

"Umemaliza kulia," Efrazia akasema. "Sasa uje kushoto, na huko ni kwako."

"Mwanamke, mimi ni mtoto wa kuokotaokota?"

"Mtoto angekwisha maliza."

Alikasirika, akageuza kichwa, akaona mahindi, akakasirika zaidi, akaokota.

Mimi nami nilitafuta njia yangu. Sauti sikuruhusiwa, ila hakuna mila iliyosema mguu unyamaze. Nikafunga njuga ya mbuzi kwenye kifundo cha mguu. Nikipita nalia chingi-chingi, mzee anasikia, anasimama mpaka nipite. Kila mtu alifurahi. Stanslaus alisema sasa anajua mkewe yuko wapi bila kuuliza, na hilo sikulipenda sana.

Njuga ilifanya kazi vizuri mno. Mzee akaacha kugeuza kichwa. Kwa nini ajisumbue? Anatembea wima kama zamani, akingoja chingi-chingi. Siku moja aliingia moja kwa moja katika mhimili wa kihenge, maana kihenge hakina njuga, akapasuka nyusi. Efrazia alimfunga jeraha, akanijia jikoni, akaniinamia na kuikata ile njuga kwa kisu cha mboga.

"Mama, atanigonga!"

"Akikugonga utakwenda Ringwani, najua."

"Sasa?"

"Sasa ajifunze kuona. Wewe ni kengele tu. Ukienda kisimani, atakwenda na nani?"

Nilikaa siku nyingi nikizunguka nyuma ya nyumba kama mwizi kila nikisikia fimbo yake, nikitokea upande wake wa kulia kila nilipoweza. Nilimwona kwa mbali akifanya mazoezi. Alitembea toka mlangoni mpaka zizini akitupa kichwa kushoto, akirudi taratibu, kama ndege anayetafuta panzi. Watoto wa jirani walimcheka. Alimwona mmoja wao, upande wa kushoto kabisa, akamwita kwa jina lake, na kicheko kikakatika.

Jumapili moja akasoma sala tena kanisani. Alisoma polepole, kidole kwenye utepe mwekundu, akirudi mwanzo wa kila mstari. Amina ya watu ilikuwa na nguvu.

Hata hivyo neno la wazee lilikuwa bado limelala pale. Kusoma si kugongana.

Baada ya mavuno tulipika pombe ya wimbi. Wazee walikuja, wakaketi kuzunguka chungu kikubwa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Nashoni alikuja na chai yake ya mchaichai ndani ya birika, akaiweka chini, akatazama zizi la kondoo kabla hajatuamkia.

"Wamenona," alisema.

"Ndiyo, na wana mwenyewe," Efrazia akajibu.

Pombe hiyo huongezwa maji ya moto kila inapopungua, na kazi ya kuleta maji ni ya mwanamke kijana wa nyumba. Ndiyo kusema mimi. Nilikuwa na kibuyu cha maji yanayofoka, uani pamejaa miguu, mirija, vigoda, mbwa na vicheko. Hata ningekuwa na njuga kumi hazingesikika. Nilipita nyuma ya wazee, na hapo ndipo Kornelio akainuka kwenda kuita wageni wengine langoni. Mimi nilikuwa kushoto kwake, karibu sana. Nyuma yangu ukuta, mbele yangu mzee fulani aliyenyoosha miguu. Hapakuwa na pa kugeukia. Nikafanya adabu: nikageuza uso, nikanyamaza, nikashika kibuyu kwa mikono miwili.

Nashoni alikuwa upande wa pili, kulia kwa kaka yake. Aliona mimi nilipo, aliona mzee anakoelekea. Alisimama, birika mkononi, akaita kwa furaha, "Kaka Kornelio! Hebu kwanza, tazama huku!"

Kornelio alianza kugeuka kulia. Mguu ulikuwa umekwisha inuka, na bega la kushoto linanijia.

Mguu ukarudi chini.

Akasimama kabisa. Kisha akatupa kichwa kushoto, mbali, macho yakanipita, yakafika kwenye kihenge, yakaanza kurudi taratibu: ukuta, kibuyu, moshi wa maji. Akaniona. Tulikuwa tumeachana kwa upana wa kiganja. Wazee waliacha kunyonya mirija. Nilisikia mbwa akijikuna.

Mzee hakuweza kunisemesha. Akamtazama mbwa.

"Wewe mbwa," akamwambia, "mwambie mkamwana wangu maji yatapoa. Apite kwanza, mimi nina muda."

Akarudi nyuma hatua moja. Mimi nikapita haraka, uso chini, kibuyu mbele, nikielekea chunguni kwa kuzunguka nyuma ya vigoda, mbali naye. Sasa Nashoni, kwa mshangao wake, alikuwa bado akimkodolea kaka yake macho yote mawili mazima. Akarudi nyuma ili aone vizuri zaidi. Hakutazama anakorudi.

Alinigonga kwa mgongo, mgongo mzima. Maji ya moto yakaruka, birika likaanguka, chai ya Msabato ikaingia ndani ya pombe.

Na Nashoni, mdogo wake baba mkwe wangu, ni baba mkwe wangu vilevile.

Halafu Efrazia alichukua birika, akaligeuza, akatoa tone la mwisho.

"Shemeji," akasema, "wewe ni upande gani usiouona?"

"Nilikuwa natazama—"

"Tunajua ulichokuwa unatazama."

Mzee aliyenyoosha miguu alianza kucheka, akapaliwa na mrija, wenzake wakampiga mgongoni. Nashoni alisema sharti la Ringwani lilikuwa la Kornelio, yeye halimhusu. Wazee wakakubali kwamba halimhusu. Wakasema pia kwamba sharti lile lilitolewa kwa sababu binti alidhaniwa kuwa na jambo. Sasa kama jambo linagonga hata wenye macho mazima, basi si la binti. Labda ni la wazee wa ukoo huu kutotazama wanakokwenda. Wakalifuta neno lao pale pale, mirija ikiwa bado mdomoni. Stanslaus akasema, "Vizuri." Nilihesabu hilo kama hotuba.

Kuungua kwangu kulikuwa kidogo, mkononi. Alama ipo mpaka leo.

Kuona kwa kushoto hakukurudi kwa Kornelio. Alikwenda tena hospitali, daktari akacheza vidole vyake, vikafika katikati bila kuonekana, kama mwanzo. Aliishi miaka mingi akitupa kichwa, na wageni wasiojua walidhani anatafuta mtu wa kugombana naye. Aligonga vitu mara moja moja, hasa akichoka au akiwa na hasira. Mimi hakunigonga tena.

Kondoo wa Nashoni aliletwa kesho yake. Alikuwa mnene kuliko wote watatu waliotutoka sisi, na Nashoni mwenyewe alikaa kando, akisema tumbo linamsumbua. Sahani ya nyama iliwekwa mbele ya Kornelio. Aligeuza kichwa mpaka akauona ukingo, akaanzia kushoto, akala kuja kulia, hakuacha hata mfupa.